AA* = A*A: safu mlalo na safu wima zinapokubaliana

*Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma aljebra ya mstari. Tulimaliza matriksi linganifu, tukaambiwa zinageuzwa kuwa za mshazari kwa vekta aigeni zilizokaa pembe mraba. Kipindi kilichofuata mhadhiri akaandika AA\* = A\*A ubaoni, akasema hilo ndilo sharti lenyewe na ulinganifu ni kesi moja tu. Uthibitisho niliunakili ila sijauelewa. Kuzidisha kwa mpangilio huu au ule kunahusiana nini na pembe za vekta aigeni? Na kuna matriksi isiyo linganifu ninayoweza kuikokotoa kwa mkono nikaona kweli inakubali?*

Marahaba. Chukua kalamu, tuanze na mfano. Uthibitisho wenyewe ni mfupi, na ukitangulia huonekana kama kiini macho.

```
A =  1  2  0
     0  1  2
     2  0  1
```

Si linganifu: katika safu mlalo ya kwanza, nafasi ya pili, kuna 2, na upande wa pili wa mshazari, mahali panapopaswa kulingana nayo, kuna 0. Si yunitari pia, kwa kuwa urefu wa kila safu ni √5 badala ya 1. Wala si ile aina ambayo mpinduo wake ni yenyewe kwa alama ya kutoa, maana hiyo ingekuwa na sifuri mshazarini. Nimeichagua makusudi iwe nje ya familia zote mlizokwisha kuzipitia.

A* (sisi husema "A nyota") hupatikana kwa kugeuza safu mlalo kuwa safu wima, kisha kila namba kuwekewa mwenza wake, yaani a + bi inakuwa a − bi. Namba zetu hapa ni halisi, kwa hiyo nyota inabaki kuwa mpinduo tu.

Sasa angalia kinachotokea unapozidisha. Katika AA*, namba iliyo nafasi ya (i, j) ni zao la nukta la safu mlalo ya i na safu mlalo ya j za A. Katika A*A, nafasi hiyohiyo inabeba zao la nukta la safu wima ya i na safu wima ya j. Zao la nukta la safu na yenyewe ni mraba wa urefu wake, na zao la safu mbili tofauti linakueleza pembe iliyo kati yake. Kwa hiyo AA* ni jedwali la urefu na pembe za safu mlalo, na A*A ni jedwali la urefu na pembe za safu wima. Mlinganyo wa mhadhiri wako unauliza kama majedwali hayo mawili ni jedwali moja. Ukishauona hivi, habari ya pembe haiko mbali tena.

Tukokotoe. Safu mlalo ni (1, 2, 0), (0, 1, 2) na (2, 0, 1). Kila moja ikizidishwa na yenyewe inatoa 5. Ya kwanza na ya pili: 0 + 2 + 0 = 2. Ya kwanza na ya tatu: 2 + 0 + 0 = 2. Ya pili na ya tatu: 0 + 0 + 2 = 2. Safu wima ni (1, 0, 2), (2, 1, 0) na (0, 2, 1). Kila moja na yenyewe, 5. Ya kwanza na ya pili, 2. Ya kwanza na ya tatu, 2. Ya pili na ya tatu, 2. Majedwali yote mawili ni haya:

```
AA* = A*A =  5  2  2
             2  5  2
             2  2  5
```

Basi A ni normali, ndilo jina la matriksi inayotimiza AA* = A*A. Kama nadharia ni ya kweli, tunapaswa kupata vekta aigeni tatu zilizosimama pembe mraba, kila moja na mwenzake.

Ukifungua determinanti ya λI − A utapata mlinganyo (λ − 1)³ = 8. Huna haja ya kutanua mabano: λ − 1 ni mojawapo ya vipeuo vitatu vya tatu vya 8, yaani 2, 2ω na 2ω², ambapo ω = −1/2 + (√3/2)i ni namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara tatu unarudi kwenye 1. Kwa hiyo thamani aigeni ni 3, kisha 1 + 2ω = √3 i, kisha 1 + 2ω² = −√3 i. Hakiki haraka: jumla yake ni 3, sawa na jumla ya mshazari wa A, na zao lake ni 9, sawa na determinanti 1 + 8.

Vekta zake ni (1, 1, 1), (1, ω, ω²) na (1, ω², ω), kwa mpangilio huohuo. Jaribu ya pili. A ikizidishwa na (1, ω, ω²) inatoa safu ya kwanza 1 + 2ω, ya pili ω + 2ω², ya tatu 2 + ω². Toa (1 + 2ω) nje ya kila moja na utabaki na 1, ω, ω². Ya tatu tu ndiyo inahitaji kukumbuka kwamba ω³ = 1.

Ukija kwenye pembe, kuwa mwangalifu, maana hapa wanafunzi wengi hutoka na jibu baya na kudhani nadharia imevunjika. Zao la ndani la vekta zenye namba changamano hutaka mwenza kwa moja ya vekta hizo. Mwenza wa ω² ni ω, na mwenza wa ω ni ω². Kwa hiyo zao la (1, ω, ω²) na (1, ω², ω) ni 1 + ω·ω + ω²·ω² = 1 + ω² + ω = 0. Pembe mraba kamili. Ukisahau mwenza utapata 1 + ω³ + ω³ = 3, utalala na mashaka bure. Vekta (1, 1, 1) na nyingine zote mbili zinatoa 1 + ω + ω², ambayo nayo ni sifuri. Gawanya kila vekta kwa √3 ili urefu uwe 1, zipange kama safu wima za matriksi U, na U hiyo ni yunitari: U*U = I, na U*AU ni matriksi ya mshazari yenye 3, √3 i na −√3 i.

Kama namba changamano zinakuacha ukijiuliza nini hasa kimetokea, angalia A inafanya nini katika anga ya kawaida. Vekta (1, 1, 1) inarefushwa mara tatu bila kubadili mwelekeo. Chukua sasa vekta iliyo pembe mraba na hiyo, tuseme (1, −1, 0). A inaipeleka (−1, −1, 2). Zao la nukta la hizo mbili ni −1 + 1 + 0 = 0, na mraba wa urefu umetoka 2 ukafika 6. Yaani katika bapa lililo pembe mraba na (1, 1, 1), A inazungusha kila kitu digrii 90 na kurefusha mara √3. Ndiyo maana thamani aigeni mbili ni √3 i na −√3 i: hakuna mshale halisi katika bapa hilo unaobaki na mwelekeo wake baada ya kuzungushwa digrii 90, kwa hiyo vekta aigeni zake lazima zitoke nje ya namba halisi.

Hapo utaona pia mpaka wa jambo lenyewe. Ukisisitiza U iwe ya namba halisi na mshazari uwe wa namba halisi, unarudi kwenye matriksi linganifu peke yake, na mhadhiri wako wa wiki ya kwanza hakukosea. Matriksi normali ya namba halisi isiyo linganifu inakubali mihimili ya pembe mraba, ila inabidi uiruhusu kutumia namba changamano.

Sasa uthibitisho. Upande mmoja ni wa kupita tu. Ikiwa A = UDU* na D ni ya mshazari, basi A* = UD*U*, na kwa kuwa U*U = I, AA* = UDD*U* na A*A = UD*DU*. Matriksi mbili za mshazari huzidishana kwa mpangilio wowote, kwa hiyo zote mbili ni sawa.

Upande wa pili ndio uliokukwaza, na nguvu yake yote imelala katika matokeo ya Issai Schur ya mwaka 1909: kila matriksi ya mraba, iwe normali au la, inaweza kuandikwa A = UTU*, ambapo U ni yunitari na T ni ya pembetatu ya juu, yaani chini ya mshazari kuna sifuri tupu. Sababu yake si ngumu. Polinomia yoyote ina angalau mzizi mmoja changamano, kwa hiyo A ina angalau vekta aigeni moja. Ifanye iwe na urefu 1, iweke kuwa mhimili wa kwanza, kisha jaza mihimili iliyobaki iwe pembe mraba nayo. Katika mihimili hiyo safu wima ya kwanza ina thamani aigeni juu na sifuri chini. Rudia mchezo huo kwenye kipande kilichobaki, mpaka kiishe. Angalia kwamba hatukuahidiwa mshazari. Tumeahidiwa pembetatu tu, na mihimili ya pembe mraba imeshapatikana bila sharti lolote. Swali pekee lililobaki ni kama namba zilizo juu ya mshazari zitakuwa sifuri.

Kwa hesabu ileile ya upande wa kwanza, A ni normali ikiwa na tu ikiwa T ni normali. Basi andika T ya tatu kwa tatu:

```
T =  a  b  c
     0  d  e
     0  0  f
```

Linganisha urefu wa safu mlalo ya kwanza na urefu wa safu wima ya kwanza, yaani nafasi ya (1, 1) katika TT* na katika T*T. Safu mlalo inatoa |a|² + |b|² + |c|². Safu wima inatoa |a|² tu, kwa sababu chini yake ni sifuri. Zikiwa sawa, |b|² + |c|² = 0, na kwa kuwa miraba haiwezi kuwa hasi, b na c zote ni sifuri. Nenda safu ya pili: mlalo unatoa |d|² + |e|², wima unatoa |b|² + |d|², lakini b imeshakufa, kwa hiyo e nayo ni sifuri. T ni ya mshazari. Kwa matriksi kubwa zaidi unaendelea vivyo hivyo kushuka ngazi hadi mwisho.

Hili ndilo jibu la swali lako kuhusu mpangilio wa kuzidisha. Katika pembetatu, uzito wa ziada umekaa upande mmoja tu wa mshazari: safu mlalo ya kwanza inaubeba, safu wima ya kwanza haiubebi. Sharti la normali linazitaka safu hizo mbili ziwe na urefu sawa, na njia pekee ya kulitimiza ni kuutoa uzito huo.

Ulinganishe na matriksi inayogeuzwa kuwa ya mshazari lakini si kwa mihimili ya pembe mraba:

```
B =  1  2
     0  3
```

Thamani aigeni zake ni 1 na 3, tofauti, kwa hiyo ina vekta aigeni mbili kamili: (1, 0) na (1, 1). Lakini kati yake kuna digrii 45. Jedwali la safu mlalo linaanza na 1 + 4 = 5, la safu wima linaanza na 1, na hapo unaweza kuweka kalamu chini. Watu huchanganya mambo haya mawili mno. Kuwa na vekta aigeni za kutosha ni jambo moja, vekta hizo kuwa pembe mraba ni jambo jingine, na AA* = A*A inapima hilo la pili.

Tofauti hiyo ina madhara. Matriksi normali hairefushi vekta yoyote kuzidi thamani yake aigeni yenye ukubwa wa juu kabisa. Isiyo normali inaweza. Chukua ile yenye safu mlalo (0.5, 10) na (0, 0.4). Thamani aigeni zake ni 0.5 na 0.4, zote chini ya 1, na mtu anayeangalia hizo tu atasema kila kitu kinapungua. Ipe (0, 1): inatoka (10, 0.4), urefu umepanda mara kumi kwa hatua moja. Hatua ya pili ni (9, 0.16), ya tatu ni (6.1, 0.064), maana 0.5 × 9 + 10 × 0.16 = 6.1, na inaendelea kushuka hivyo kuelekea sifuri. Mwisho wa safari thamani aigeni zimesema kweli, ila mwanzo wake hazikuutaja.

Niongeze mitego miwili ambayo naiona kila mwaka kwenye karatasi za majibu.

Wa kwanza: mwanafunzi anakagua urefu tu. Anaona kila safu mlalo ina urefu sawa na safu wima ya namba hiyohiyo, anaandika "normali" na kuhama. Urefu ukitofautiana, kweli matriksi si normali, na hii ni njia nzuri ya kukataa kwa jicho. Kukubali ni habari nyingine. Tazama matriksi yenye safu mlalo (1, 1) na (−1, 2). Miraba ya urefu ni 2 na 5 kwa mlalo, 2 na 5 kwa wima. Lakini zao la safu mlalo mbili ni −1 + 2 = 1, na la safu wima mbili ni 1 − 2 = −1. Si normali. Katika T ya Schur urefu ulitosha kwa sababu ya zile sifuri za chini. Katika matriksi ya kawaida unahitaji jedwali zima.

Wa pili ni kutumia mpinduo mtupu pale penye namba changamano. Hii hapa ni linganifu kabisa:

```
C =  1   i
     i  −1
```

Ni sawa na mpinduo wake, kwa hiyo inazidishana nao kwa mpangilio wowote bila shida. Lakini izidishe yenyewe: C² ni sifuri tupu. Thamani aigeni zake zote ni 0, na kama ingegeuzwa kuwa ya mshazari ingekuwa matriksi sifuri, jambo ambalo si kweli. Haina hata vekta aigeni mbili, sembuse za pembe mraba. Weka wenza na kipimo kinaikamata papo hapo: nafasi ya (1, 2) ya CC* ni −2i, ya C*C ni 2i.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa kuhakiki kazi iliyokwisha. U ya Schur haibadili jumla ya miraba ya ukubwa wa namba zote za matriksi, na mshazari wa T ni thamani aigeni. Kwa hiyo jumla ya miraba ya namba zote za A ni jumla ya |λ|² ukiongeza miraba ya kile kilichobaki juu ya mshazari. Zikilingana, A ni normali. Mfano wetu: 1 na 4 mara tatu ni 15, na thamani aigeni zinatoa 9 + 3 + 3 = 15. B inatoa 14 dhidi ya 1 + 9 = 10, na ile 4 iliyozidi ni mraba wa 2 iliyokaa kwenye kona.

Ukija kwenye kompyuta, usiulize kama AA* na A*A ni sawa kwa `==`. Namba za desimali zinakatwa, na matriksi normali kabisa inaweza kukosa usawa kwenye tarakimu ya kumi na sita. Pima ukubwa wa tofauti ukilinganisha na mraba wa ukubwa wa A:

```python
import numpy as np
from scipy.linalg import schur

A = np.array([[1, 2, 0], [0, 1, 2], [2, 0, 1]], dtype=complex)
H = A.conj().T
print(np.linalg.norm(A @ H - H @ A) / np.linalg.norm(A)**2)

T, U = schur(A, output="complex")
print(np.round(T, 10))
```

Kwa kupata U, tumia `schur` badala ya `np.linalg.eig`. Thamani aigeni ikijirudia, `eig` inaweza kukupa vekta aigeni sahihi ambazo hazijasimama pembe mraba, hata kama matriksi ni normali, maana ndani ya bapa la thamani moja vekta yoyote ni vekta aigeni na `eig` haijaahidi ichague zipi. `schur` hukupa U yunitari kila mara, na kama A ni normali, juu ya mshazari wa T utaona sifuri tu. Ukiondoa `output="complex"` na pia `dtype=complex`, matriksi ikabaki ya namba halisi, utakuta kipande cha mbili kwa mbili kwenye mshazari. Usiite hilo kosa, ni lile zungusho la digrii 90 limeandikwa kwa namba halisi.